Umeme ukirudi, nani awake kwanza? Swichi, seva na foleni inayojipanga kinyumenyume

Umeme ukirudi baada ya kukatika, hurudi kwa wote kwa mpigo mmoja. Swichi kuu kwenye chumba cha seva, swichi za usambazaji, swichi za watumiaji kwenye kila ghorofa, seva, hifadhi ya data na kompyuta za mezani: vyote hupata moto katika sekunde ileile. Hakuna anayevipanga foleni. Foleni hujipanga yenyewe kwa kufuata muda ambao kila kifaa huchukua kuwaka, na mara nyingi hujipanga kinyumenyume. Vifaa vidogo vinavyowategemea wenzao huwa tayari haraka, na kile kikubwa kinachotegemewa na kila mtu huja mwishoni.

Ukimuuliza fundi yeyote wa mtandao mpangilio sahihi, atakujibu bila kufikiri: swichi kuu kwanza, kisha za usambazaji, kisha za watumiaji, halafu hifadhi ya data, na seva mwisho. Jibu ni sahihi, ila linamtaka mtu asimame mbele ya raki akiwasha kimoja baada ya kingine. Umeme ukirudi saa tisa usiku hakuna mtu wa kufanya hivyo. Swali lenye faida zaidi ni hili: kifaa kikiwaka na kukuta anachomtegemea hayupo, hufanya nini? Wengine hubisha hodi mpaka wafunguliwe. Wengine hubisha mara moja, wakikosa jibu wanaondoka zao na hawarudi. Karibu matatizo yote ya asubuhi baada ya umeme kukatika hutoka kwa hawa wa pili.

Kuwaka si kuwa tayari

Swichi ikipata moto, feni huvuma na taa huanza kumetameta mara moja, na mtu asiyeijua hudhani kazi imeisha. Ndani yake bado kuna safari. Programu ndogo ya kuanzishia inakagua vifaa, inatafuta faili la mfumo kwenye kumbukumbu ya flashi na kulifungua, mfumo unaanza, mipangilio inasomwa, na ndipo poti zinafunguliwa. Swichi ndogo ya watumiaji humaliza haya kwa dakika mbili au tatu, lakini za kizazi kipya zenye mfumo mzito hufika dakika tano na kupita. Swichi kuu ya moduli, ile yenye kadi za kuchomeka, hukagua pia kila kadi, kwa hiyo dakika saba hadi kumi kwake si jambo la ajabu.

Hata poti ikifunguka, bado haijaanza kupitisha data. Itifaki ya kuzuia vitanzi, STP, ikiwa ni ile ya zamani, huikalisha poti sekunde 15 ikisikiliza na nyingine 15 ikijifunza. Hizo ni sekunde 30 ambazo taa inaonekana nzima huku hakuna kinachopita. Kwenye poti za kompyuta na simu dawa yake inajulikana, `spanning-tree portfast`, na toleo jipya la itifaki hupunguza sana kungoja kati ya swichi na swichi. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba swichi za watumiaji zikiwaka kabla ya swichi kuu, huchagua mkuu wa muda miongoni mwao. Swichi kuu ikifika, uchaguzi unarudiwa na njia zinapangwa upya. Na kama hakuna aliyeweka kipaumbele, anayeshinda ni mwenye anwani ya MAC ndogo kuliko wote, ambaye mara nyingi ni kiswichi cha kale kilichosahaulika kabatini. Amri moja kwenye swichi kuu, `spanning-tree vlan 1-4094 root primary`, hukata ubishi huo.

Seva nazo zina kucheleweshwa kwao. Seva yenye vichakataji viwili na kumbukumbu nyingi inaweza kukaa dakika tatu hadi sita ikijikagua kabla mfumo endeshi haujaanza hata kusomwa. Kwenye Linux huhitaji kubahatisha. Amri ya `systemd-analyze` hukuonyesha muda uliotumiwa na vifaa vyenyewe, na kiini cha mfumo, na huduma. Aghalabu utakuta sehemu ya kwanza, `firmware`, imekula muda kuliko nyingine zote kwa pamoja.

Kupima swichi kuna ujanja wake. Swichi nyingi za Cisco za daraja la chini hazina betri ya saa, kwa hiyo zikiwaka huanza kuhesabu kutoka tarehe 1 Machi 1993, saa sita kamili usiku. Wengi wakiona tarehe hiyo kwenye kumbukumbu za matukio huona ni takataka. Kumbe ni saa ya kupimia uliyopewa bure:

```
*Mar  1 00:01:12.480: %SYS-5-CONFIG_I: Configured from memory by console
*Mar  1 00:01:14.912: %SYS-5-RESTART: System restarted --
*Mar  1 00:01:47.338: %LINEPROTO-5-UPDOWN: Line protocol on Interface
  GigabitEthernet0/1, changed state to up
```

Kinyota cha mwanzo kinasema saa haijathibitishwa na seva ya saa. Tarakimu zinazofuata ni dakika na sekunde tangu mfumo uanze, na hapa poti ya kupandia ilipata uhai dakika moja na sekunde 47 baadaye. Angalizo ni kwamba saa hiyo huanza mfumo unapoanza. Muda wa kukagua vifaa na kufungua faili haumo ndani yake. Ili upate hesabu nzima, acha `ping -D` ikikimbia kutoka kwenye kompyuta ndogo yenye betri, chomoa swichi uichomeke tena siku ya matengenezo, kisha toa muda wa kuchomeka kwenye muda wa jibu la kwanza.

Dakika saba zinavyozaa kumi na saba

Tuchukue ofisi ya mfano ya ghorofa nne Dar es Salaam. Ina swichi kuu moja ya moduli, ambayo pia ndiyo lango la kila kompyuta, swichi mbili za usambazaji, na swichi kumi na mbili za watumiaji zinazolisha simu umeme kwa waya wa mtandao. Seva mama ni tatu za Proxmox, mfumo wa kuendeshea mashine pepe, na hifadhi ya data ni moja na hufikiwa kwa NFS, yaani faili zake husomwa kupitia mtandao. Huduma za DNS inayotafsiri majina kuwa namba, DHCP inayogawa anwani, na za kuingia kwenye Windows ziko kwenye mashine pepe ndani ya seva hizo. Hakuna UPS inayofanya kazi, kwa sababu betri zake zilikufa na ombi la kununua nyingine bado liko kwa mhasibu. Muda nitakaoutaja ni wa mfano, lakini uko ndani ya kile ambacho vifaa vya namna hii huonyesha.

Umeme unarudi. Chini ya dakika moja, kompyuta za mezani zimeshawaka na zinangoja kebo ipate uhai. Dakika ya pili na nusu hadi ya tatu swichi za watumiaji ziko tayari, simu zinapata umeme, na kompyuta zinaanza kuomba anwani. Hakuna wa kujibu. Dakika ya nne swichi za usambazaji zinafika. Dakika ya tano na nusu Linux imeamka kwenye seva mama, inatafuta wenzake na hifadhi ya data, inakuta kimya. Swichi kuu inamaliza dakika ya saba na nusu, na sekunde thelathini baadaye poti zake zinaanza kupitisha data.

Sasa seva mama tatu zinaonana. Proxmox haiwashi mashine pepe mpaka seva nyingi zaidi ya nusu zipatane, kwa hiyo ilikuwa imekaa inasubiri, na ndivyo inavyotakiwa. Ni wale wa kubisha hodi mpaka wafunguliwe. Mashine pepe ya kwanza inaanza dakika ya nane na kitu, Windows inafunguka dakika ya kumi. Hapo huduma ya DNS nayo inangoja. Kwa kuwa kuna seva mbili za kuingilia na zote zilikuwa zimezimika, kila moja inataka kwanza ilinganishe kumbukumbu zake na mwenzake, na DNS haitoi majibu mpaka hilo likamilike. Ukifungua kumbukumbu za matukio utaona namba 4013 ikisema hivyohivyo. Kwa mfano wetu tuseme DHCP inaanza kujibu dakika ya kumi na mbili na nusu. Katika hali mbaya kungojana huku huendelea zaidi ya hapo.

Turudi kwa kompyuta za ghorofani. Windows ikiomba anwani na kukosa, kama ilikuwa na anwani ya jana ambayo muda wake haujaisha, hufanya jambo la busara: hujaribu kuliita lango. Lango likijibu, huendelea na anwani ile ya jana. Lango likinyamaza, hujipa anwani inayoanza na 169.254 na kurudi kuomba tena kila baada ya dakika tano hivi. Kwenye ofisi yetu lango ni swichi kuu, nayo dakika ya tatu bado iko mbali. Kompyuta zote zikajipa 169.254. Ile iliyoomba muda mfupi kabla DHCP haijaamka itasubiri karibu dakika tano nyingine.

Kwa hiyo swichi kuu ilichelewa dakika saba na nusu, ila mtumishi wa ghorofa ya tatu alikosa mtandao dakika kumi na saba na nusu. Akilalamika kwamba mtandao mbovu, fundi anaangalia swichi na kuona kila kitu kijani. Wote wawili wanasema kweli.

Kuchelewa, kovu, na mduara

Ukiichambua hadithi hiyo utaona ndani yake hali za aina tofauti, na kila moja ina tiba yake.

Ya kwanza ni kuchelewa tupu. Seva za Proxmox zilingoja, zikapatana, zikaendelea. Hapa hakuna cha kutibu. Mtu anayetumia wiki nzima kuharakisha swichi kuu kwa dakika moja anapigana na adui asiye na madhara.

Ya pili naiita kovu. Kila kifaa kimeshafika, kila taa ni kijani, lakini kuna aliyekata tamaa mapema akabaki amekwama katika hali aliyoamkia. Anwani za 169.254 ni kovu linalopona lenyewe baada ya dakika tano. Mengine hayaponi. Seva ya kuingilia ya Windows ikiamka kabla mtandao haujawa sawa, inaweza kuuhesabu mtandao wa ofisi kuwa mtandao wa mtaani na kufunga kuta zake za usalama. Huduma zinakimbia, `ping` wakati mwingine inajibu, lakini watu hawaingii. Ipime hivi:

```
Get-NetConnectionProfile
```

Ukiona `NetworkCategory : Public` kwenye seva ambayo ingepaswa kuandika `DomainAuthenticated`, umempata mhusika. `Restart-NetAdapter` kwa jina la kadi yake humfanya aangalie upya, na hakuna haja ya kuwasha seva nzima tena.

Kovu baya kuliko yote, kwa maoni yangu, ni la hifadhi ya NFS kwenye Linux. Seva inaamka, hifadhi haipo, na kwa sababu mtu aliweka `nofail` ili seva isigande, inaendelea na safari. Saraka ya `/mnt/data` ipo, ila ni tupu na iko kwenye diski ya seva yenyewe. Programu ya kutunza nakala inaanza kuandika humo bila kulalamika. Siku tatu baadaye diski ya mfumo inajaa, na nakala mnazodhani ziko kwenye hifadhi ziko mahali pengine kabisa. Ukipanda hifadhi juu yake, yaani ukiiunganisha kwenye saraka hiyo, faili hizo zinafunikwa na kupotea machoni huku bado zinakula nafasi. `findmnt /mnt/data` ikirudi bila jibu lolote, hifadhi haijapandwa. Mstari huu kwenye `/etc/fstab` hubadili tabia hiyo: hifadhi hupandwa pale mtu anapoigusa saraka, na isipokuwepo aliyeigusa anapata kosa badala ya saraka tupu.

```
10.10.5.20:/data  /mnt/data  nfs  _netdev,nofail,x-systemd.automount  0 0
```

Ya tatu ni mduara, na huu hauponi hata ungoje mpaka jioni. Angalia mstari hapo juu: hifadhi imetajwa kwa namba. Wengi huandika jina, kama `nas01.ofisi.local`, kwa sababu linapendeza na ni rahisi kukumbuka. Jina hutafsiriwa na DNS, DNS iko kwenye mashine pepe, na diski ya mashine pepe iko kwenye hifadhi ileile inayotafutwa kwa jina. Siku zote za umeme mzuri mduara huu hauonekani, kwa kuwa havizimwi vyote kwa pamoja. Unajionyesha siku ya giza la jumla, kama ule usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 ambapo sehemu kubwa ya Kenya ilikosa umeme kwa pamoja. Uvunje kwa namba za IP au kwa kuandika jina kwenye `/etc/hosts` ya kila seva mama. Mduara mwingine wa namna hii ni swichi zinazothibitisha nywila ya fundi kwa seva ambayo haijaamka, huku fundi anataka kuingia kwenye swichi ili seva ipate kuamka. Kila swichi iwe na akaunti moja ya ndani, na nywila yake iwe imeandikwa kwenye karatasi ndani ya sefu, si kwenye faili lililo ndani ya seva.

Kutibu kwa betri kabla ya kutibu kwa subira

Njia nzuri kuliko zote ya kuharakisha swichi kuu ni kutoizima. Hapa hesabu ndogo inasaidia, kwa sababu watu hununua UPS moja kubwa, wakachomeka kila kitu, wakashangaa inakufa upesi.

Tuseme UPS inaweza kufikisha kwenye vifaa saa-wati 1,200. Swichi kuu inakula wati 350, za usambazaji mbili wati 80 kila moja, na kimashine kidogo cha DNS na DHCP wati 20. Jumla ni wati 530, yaani zaidi ya saa mbili na robo. Ongeza seva tatu za wati 300 kila moja, jumla inafika 1,430, na betri inaisha kwa dakika 50. Lakini seva zikizimwa kwa utaratibu baada ya dakika kumi, zitakuwa zimetumia pamoja na mtandao saa-wati 240 hivi, na 960 zilizobaki zinaubeba mtandao peke yake kwa karibu saa moja na dakika 48.

Kimashine hicho kidogo si anasa. Ni nakala ya pili ya DNS na DHCP iliyo nje ya seva mama, na ndicho kinachokata mlolongo wote wa dakika ya nane hadi ya kumi na mbili. Swichi kuu na za usambazaji zikiwa hazikuzimika, swichi za watumiaji zikiamka dakika ya tatu, kompyuta inaomba anwani na kupewa papo hapo. Hata DHCP isipojibu, lango linajibu, na anwani ya jana inaendelea kutumika. Swichi za watumiaji zenye simu ziache zizimike. Kuzibeba kwa betri ni gharama kubwa, na kuamka kwao hakumkwamishi mwingine yeyote.

Mpango huu, hata hivyo, una mtego. Kwenye BIOS ya seva kuna mahali panapoamua seva ifanye nini umeme ukirudi, na kwenye seva za Dell pameandikwa `AC Power Recovery`. Wengi huacha `Last`, maana yake rudi kwenye hali uliyokuwa nayo. Inasikika vizuri, hadi ukumbuke kwamba UPS iliizima seva kwa utaratibu kabla betri haijaisha. Hali ya mwisho ilikuwa kuzimwa, kwa hiyo umeme ukirudi seva inabaki imelala, kwa utii kamili. Weka `On`.

Hata `On` haitoshi hapa. Seva hutambua umeme umerudi kwa sababu ulikuwa umepotea. Kama UPS ilizima mfumo wa seva baada ya dakika kumi lakini ikaendelea kutoa umeme kwa ajili ya swichi, na TANESCO wakarudisha baada ya saa moja, kwenye soketi ya seva umeme haukukatika hata kidogo. Hakuna tukio la kuiamsha. Fundi anakuta mtandao mzima, UPS nzima, na seva tatu zimelala, na kwa mtazamo wa seva hizo hakuna kosa lolote lililotokea.

Baadhi ya UPS zina makundi ya soketi yanayoweza kuzimwa kila moja peke yake, na hilo ni suluhisho zuri ikiwa unalo. Lisipokuwepo, kazi mpe kile kimashine kidogo, ambacho hakikulala muda wote. Kina uwezo wa kuuliza UPS kwa programu ya NUT na kuziamsha seva kupitia poti zao za usimamizi:

```
until upsc ups1 ups.status | grep -qw OL;       do sleep 10; done
until [ "$(upsc ups1 battery.charge)" -ge 40 ]; do sleep 30; done
until ping -c1 -W2 10.10.5.1 >/dev/null;        do sleep 5;  done
until nc -z 10.10.5.20 2049;                    do sleep 5;  done
for n in 31 32 33; do
  ipmitool -I lanplus -H 10.10.5.$n -U admin -f /root/siri chassis power on
  sleep 30
done
```

Isome kwa sauti na utaona kwamba ndiyo ile foleni ya mwanzo, ila sasa imepangwa kwa hali halisi, si kwa saa ya ukutani. Umeme wa gridi upo? Betri imefika asilimia 40? Lango linajibu? Hifadhi imefungua poti ya NFS? Ndipo seva zinaamshwa, moja baada ya nyingine, ili feni na diski zote zisivute umeme kwa pamoja na kulilemea jenereta dogo. Kama hifadhi nayo huzimwa kwa utaratibu, iamshe kwa njia hiyohiyo kabla ya mstari wa nne, la sivyo hati itangoja milele kitu ambacho hakuna aliyekiwasha.

Mstari wa pili usiuone mdogo. Kwetu umeme hurudi, ukae dakika nne, ukatike tena. Betri imeshanyonywa, seva ndio kwanza zinakagua diski, na safari hii hakuna akiba ya kuzizima kwa utaratibu. Kifo cha pili ndicho huharibu data. Kusubiri asilimia 40 kunaweza kuchukua saa nzima au zaidi, na bosi atapiga simu. Mimi ningemwacha apige. Kama huna kimashine, UPS nyingi hukubali kiwango hicho kiwekwe ndani yake. Kwenye NUT jina lake ni `battery.charge.restart`, na `upsrw ups1` itakuonyesha kama yako inakiruhusu.

Ukikosa vyote hivyo, kuna subira ya kawaida. BIOS za Dell zina `AC Power Recovery Delay`, ambapo unaweza kuweka sekunde zako mwenyewe, na za HPE zina `Power-On Delay`. Kwenye ofisi yetu isiyo na betri, seva zilifika dakika ya tano na nusu na mtandao dakika ya nane, kwa hiyo kuchelewesha kwa sekunde 240 kungezifanya zifike dakika ya tisa na nusu na kukuta kila mtu yupo. Ni upotevu wa dakika moja na nusu kwa kununua asubuhi isiyo na makovu. Ila ni saa iliyokadiriwa tu. Ukibadili swichi kuu ikawa inachukua dakika kumi na mbili, seva hazitajua.

Ndani ya Proxmox mpangilio wa mashine pepe huwekwa hivi:

```
qm set 101 --onboot 1 --startup order=1,up=120
qm set 110 --onboot 1 --startup order=2
```

`up=120` maana yake baada ya kuiwasha 101, ngoja sekunde 120 kabla ya kumwita anayefuata. Mpangilio huu unahusu seva mama moja. Mashine ya 110 ikiwa kwenye seva mama ya pili haitaisubiri 101 iliyo kwenye ya kwanza, na mashine zilizo chini ya usimamizi wa HA, ule unaoziwasha kwenye seva nyingine ya kwanza ikifa, haziufuati kabisa. Kwa hiyo mashine ya hifadhidata na programu inayoitegemea ziwe seva moja, au programu ifundishwe kujaribu tena. Kwenye `systemd` hilo ni `Restart=on-failure` na `RestartSec=10`, na binafsi nalipenda zaidi kuliko foleni yoyote, maana hufanya kazi hata pale kilichoanguka ni hifadhidata peke yake na umeme haukuguswa.

Swichi inayoamka na sura ya mwaka juzi

Kuna jambo ambalo muda na mpangilio haviligusi, nalo hulaumiwa kwa makosa kuwa ni umeme umeunguza swichi. Swichi ya ghorofa ya pili imeamka vizuri, kwa wakati, na poti zote zina taa. Lakini simu hazipati anwani na ofisi ya uhasibu haioni seva yake. Kilichotokea ni kwamba mtu alizihamishia poti kwenye VLAN mpya, yaani kipande kingine cha mtandao, miezi mingi iliyopita, ikafanya kazi, akaondoka bila `write memory`. Mipangilio iliishi kwenye kumbukumbu ya muda, ikafa na umeme.

Ugonjwa huu hugundulika kabla ya giza, kwa amri moja kwenye kila swichi:

```
show archive config differences nvram:startup-config system:running-config
```

Kila mstari utakaoonyeshwa na alama ya + ni kitu ambacho hakitakuwepo umeme ukikatika usiku wa leo. Baada ya hapo angalia `show boot` na `dir flash:` kuhakikisha faili la mfumo linalotajwa bado lipo, kwa sababu waliofuta matoleo ya zamani ili kupata nafasi mara nyingine hufuta na lile linaloitwa. Swichi ya namna hiyo haipiti hatua ya kwanza. Ukichomeka waya wa konsoli utakuta neno moja, `switch:`, na kishale kinachopepesa, kikingoja mtu aje na faili.

Anza na swichi ambayo `show version` inasema haijazimwa kwa muda mrefu kuliko zote. Hiyo ndiyo imekusanya mabadiliko mengi yasiyohifadhiwa, na hakuna anayekumbuka inachukua dakika ngapi kuamka.